Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kituo: mwandishi mmemwachia, simu na kadi yake bado mnazo

YAH: KUSHIKILIWA KWA MWANDISHI WETU AKIWA KAZINI MWALONI, NA VIFAA VYAKE AMBAVYO HAVIJARUDISHWA

Ndugu Mkuu wa Kituo,

Jina la kituo chako hatulitaji hapa, wala la mwalo, wala la askari yeyote. Barua yenye majina yote tuliileta mezani kwako Jumanne asubuhi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala tunayo. Hii ya leo tunaiandika hadharani kwa sababu tangu Ijumaa wasikilizaji wetu wa huku ufukweni na kule visiwani wanatupigia simu studio kuuliza jambo moja: “Yule dada yenu namba yake mbona haipatikani?” Wanastahili jibu, na jibu lenyewe, Afande, liko kwenye droo au kabati la kituo chako.

Namba hiyo siyo ya kupiga soga. Kwa miaka sita mwandishi wetu amekuwa akisoma taarifa za ziwa asubuhi na jioni, na namba yake ndiyo wavuvi waliyoihifadhi. Mtumbwi ukichelewa kurudi, mke anampigia yeye. Upepo ukibadilika ghafla upande wa visiwani, mtu wa kwanza kumtumia ujumbe wa sauti ni mvuvi aliye huko, naye anauwahisha studio kabla wengine hawajasukuma mitumbwi. Mmemwachia yeye, tunashukuru kwamba yuko mzima. Namba mmebaki nayo.

Tuanze na kilichotokea, kwa saa na dakika, kwa kuwa malalamiko yetu karibu yote yamo ndani ya saa.

Ijumaa ile maofisa uvuvi walikuja mwaloni pamoja na askari wako kukamata zana haramu. Ilikuwa siku za giza, mwezi haujatoka, kwa hiyo watu wa dagaa walikuwa wametoka kuvua usiku kucha na nyavu zilikuwa zimeanikwa. Hatuna ugomvi na operesheni yenyewe. Makokoro yanazoa mazalia, kila mtu huku analijua hilo, na redio yetu imewahi kurusha vipindi vya kuyapinga kabla hata operesheni haijafika. Mwandishi wetu alifika saa 3 asubuhi akiwa amevaa kizibao chenye maandishi ya redio mgongoni, kitambulisho shingoni, kamera mkononi. Aliwasalimia maofisa, akajitambulisha, akaruhusiwa kuendelea. Alirekodi makokoro mawili yakikusanywa. Alimrekodi ofisa mmoja akieleza vizuri kabisa kwa nini yanakatazwa.

Kisha ukaja wavu wa dagaa wa mama mmoja, mjane, ambaye ana mitumbwi miwili na vijana wanaomvulia. Kwenye maji baridi kanuni inataka jicho la wavu wa dagaa lisipungue milimita 8. Mama akasema wake ni wa nane. Ofisa akasema ni mdogo. Mama akaomba upimwe pale pale, mbele ya watu, akatoa futi ya fundi cherehani mfukoni mwa kanga. Kijana wake akashika upande mmoja, yeye upande wa pili, wakahesabu macho kumi, wakaanza kuyavuta juu ya futi. Yakifika sentimita nane, wavu ni halali. Mwandishi wetu akapiga goti mchangani na kuielekeza kamera kwenye futi.

Hapo ndipo mkono ulipomshika begani. Ilikuwa saa 4:20 asubuhi.

Hakuona futi ilisoma ngapi. Kamera ilichukuliwa ikiwa bado inarekodi. Wavu ule uliteketezwa dakika chache baadaye pamoja na makokoro. Maana yake ni kwamba kitu pekee kilichobaki duniani kinachoweza kusema kama wavu wa yule mama ulikuwa halali au haramu ni kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko stempu, nayo mnayo ninyi. Inawezekana inaonyesha sentimita saba, na ofisa alikuwa sahihi. Tungelitangaza hilo kwa sauti ile ile.

Saa 4:26 mwandishi wetu aliwahi kutuma ujumbe mmoja kwenye kundi la chumba cha habari: “Nimeshikwa. Niko mwaloni.” Baada ya hapo simu ikachukuliwa. Akapandishwa nyuma ya difenda. Gari halikuja kituoni. Lilikwenda mwalo wa pili, kisha wa tatu, operesheni ikiendelea, naye amekaa juu ya rundo la nyavu zilizolowa, katikati ya watu wengine wanne. Saa 9 mchana mimi mwenyewe nilifika kaunta yenu nikiwa na wakili. Askari wa zamu alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari, akatuambia kwa upole kabisa: “Hatuna mtu wa jina hilo.” Hakudanganya. Kwenye daftari hakuwemo.

Aliandikwa daftarini saa 11:30 jioni, baada ya difenda kurudi. Maelezo yake ya onyo yakaanza kuchukuliwa saa 1:05 usiku. Alilala mahabusu. Jumamosi saa 8:15 mchana alipewa dhamana, kwa sharti la kuripoti kila Jumatatu.

Sasa tuhesabu, Afande. Tulipokulalamikia Jumamosi kwamba saa 24 zimepita, ulitujibu kwamba hazijapita, na ukatuonyesha daftari. Kwa daftari uko sawa: kutoka saa 11:30 jioni ya Ijumaa hadi saa 8:15 mchana ya Jumamosi ni saa 20 na dakika 45. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haihesabu kuanzia kalamu ilipogusa daftari. Inahesabu tangu mtu alipotiwa chini ya ulinzi. Mtu aliyeshikwa begani, akanyang’anywa simu na kupandishwa kwenye gari la polisi ambalo hawezi kushuka, yuko chini ya ulinzi, hata kama kituo hakijamwona. Kutoka saa 4:20 asubuhi hadi saa 8:15 mchana ya kesho yake ni saa 27 na dakika 55.

Saa saba na dakika kumi zilizobaki katikati hazimo kwenye kitabu chochote. Kwa muda huo wote, kisheria, mwandishi wetu alikuwa hayupo popote.

Tunalishikilia hili kwa nguvu na tunaomba usilione kama ubishi wa wakili. Sisi wa vyombo vya habari nchi hii tuna sababu ya kuogopa saa ambazo hazijaandikwa. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kazini, kijijini Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, akiwa mikononi mwa askari, na askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Azory Gwanda aliondoka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana tena. Hatusemi askari wako walikuwa na nia hiyo. Tunasema kwamba mchana ule, kuanzia saa 9 tulipoambiwa “hatuna mtu wa jina hilo” hadi saa 11:30, mama yake mzazi alikaa kwenye benchi nje ya studio yetu ameshika tama, hasemi, hanywi hata maji, na hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa na neno la kumwambia.

Na katika hofu hiyo tulikosea jambo moja, nalo tunalikiri. Kwenye taarifa ya saa 10 jioni tulitangaza kwamba mwandishi wetu “ametekwa”. Wakati huo tulishajua ameshikwa na polisi, maana ujumbe wake ulisema hivyo. Neno sahihi lilikuwa “ameshikiliwa na hajulikani alipo”. Tulisahihisha saa 12. Tunasahihisha na hapa.

Daftari lina jambo lingine. Sheria hiyo hiyo inaweka saa nne za msingi za kumhoji mtu aliyeko chini ya ulinzi, na zinaweza kuongezwa kabla hazijaisha. Tunajua inaondoa muda wa kumsafirisha mtuhumiwa kwenda kituoni, na hilo ni haki, kwa sababu huku kwetu kutoka kisiwani hadi kituo kunaweza kuchukua nusu siku. Lakini kutoka mwalo ule hadi kituoni kwako ni mwendo wa dakika 40 kwa barabara ya vumbi. Kumzungusha mtu kwenye mialo miwili mingine ili operesheni iendelee siyo kumsafirisha kwenda kituoni. Maelezo ya onyo yaliyoanza saa 1:05 usiku yalichukuliwa karibu saa tisa baada ya kushikwa. Wapelelezi wako wanajua vizuri kuliko sisi kwamba Mahakama ya Rufani imeshatupa maelezo mengi ya aina hiyo kwa sababu ya muda tu, hata pale ambapo mtuhumiwa alikuwa na kesi nzito. Kwa hiyo anayeandika saa ya uongo daftarini, au anayeacha kuandika saa ya kweli, anaharibu pia kesi zenu, za wezi wa injini za boti na za wauaji.

Hapo hapo niongeze kuhusu siku yenyewe, maana Ijumaa siyo siku ya bahati mbaya kwa waandishi. Tumeshikwa Ijumaa mara nyingi mno. Jumamosi mahakama hazikai, kwa hiyo wakili wetu aliambiwa: “Wakili, subiri Jumatatu.” Kumbe sheria inasema kinyume chake. Pale ambapo haiwezekani kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, na kosa siyo zito, hapo ndipo mkuu wa kituo anapopaswa kulichunguza shauri na kumwachia kwa dhamana. Kwa maneno mengine, Ijumaa jioni, ulipojua kwamba kesho mahakama imefungwa, wajibu wa kumpa dhamana ulianza usiku ule ule. Wikiendi inamfungulia mtu mlango. Kwenu ilitumika kuufunga. Ukutani mwa kaunta yenu pameandikwa kwamba dhamana ni haki na haina malipo. Mwandishi wetu alilala akiyatazama maandishi hayo kupitia nondo.

Kosa lenyewe ni lipi? Mwaloni aliambiwa anapiga picha bila kibali. Kwenye difenda aliambiwa anachochea wananchi. Kwenye maelezo ya onyo akasomewa kumzuia ofisa kutekeleza kazi yake. Makosa matatu kwa siku moja, na kila moja lilikuja baada ya lililotangulia kushindwa kusimama.

La kibali tunaliweza kulijibu kwa maneno machache. Yapo maeneo ambayo yanalindwa kisheria na hayapigwi picha bila ruhusa, kambi za jeshi kwa mfano, nasi tunayaheshimu. Mwalo wa dagaa, ambako watoto wanaogelea na mama ntilie wanauza chai, siyo mojawapo. La uchochezi hatuwezi kulijibu kwa sababu hakuna aliyetuambia ni neno gani alilolitamka. La kumzuia ofisa tumelichunguza wenyewe, na tukakuta jambo moja la kweli: mapema asubuhi alivuka kamba iliyozungushiwa rundo la nyavu, akaambiwa arudi, akarudi. Watu watatu waliokuwepo wanasema hivyo na yeye mwenyewe anasema hivyo. Ilikuwa yapata saa moja kabla ya kushikwa. Aliposhikwa alikuwa nje ya kamba, goti moja mchangani, hatua tano au sita kutoka kwa ofisa. Kadi itathibitisha, kama bado iko kama ilivyokuwa.

Hilo la “kama bado” ndilo linalotunyima usingizi.

Ijumaa ile saa 2:40 usiku, mwandishi wetu akiwa ndani ya mahabusu na simu yake ikiwa kaunta, sisi tuliokuwa chumba cha habari tulishuhudia kitu ambacho hatutakisahau. Tangu asubuhi tulikuwa tumemtumia ujumbe zaidi ya kumi kwenye WhatsApp, zote zikiwa na tiki mbili za kijivu. Mmoja wetu alikuwa ameshika simu yake, akasema, “Jamani, anasoma!” Tukamzunguka. Tiki zikageuka bluu, moja baada ya nyingine, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa sekunde kadhaa tulifurahi, tukidhani ameachiwa. Tukampigia, simu ikakatwa. Ndipo tulipoelewa kwamba anayesoma siyo yeye.

Jumamosi alipotoka alituambia jinsi ilivyokuwa. Aliombwa namba ya siri ya simu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaambiwa kwamba asipoitoa atalala hapo hadi Jumatatu, naye ana mtoto wa mwaka mmoja anayenyonya, akaitoa. Hakuonyeshwa hati ya upekuzi. Hakupewa hati ya ukamataji mali kwa simu, wala kwa kamera, wala kwa kadi. Kamera alirudishiwa Jumamosi mkononi, bila kadi, bila karatasi.

Afande, unajua hati hiyo ni nini kuliko sisi, lakini wasomaji wengine hawajui, kwa hiyo wacha niwaeleze. Ni karatasi moja tu. Askari anapochukua kitu cha mtu anaandika kitu gani, kina alama gani, kimechukuliwa wapi, saa ngapi. Anasaini yeye, anasaini mwenye mali, anasaini shahidi. Kwa simu wanaandika namba ya IMEI, ile tarakimu 15 inayoonekana ukibonyeza *#06#. Kuanzia hapo kila mkono unaokipokea kitu unajiandika, hadi mahakamani. Bila karatasi hiyo, kesho askari akisema simu ilikutwa na picha fulani, hakuna awezaye kujua iliwekwa na nani. Na mwandishi akisema simu ilikuwa na picha fulani na sasa haina, naye hawezi kuthibitisha. Karatasi inawalinda wote wawili. Kukosekana kwake kumewaacha askari wako wazi kama ilivyomwacha mwandishi wetu.

Kwa vifaa vya kielektroniki ni zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yenyewe, ambayo sisi waandishi tumeilalamikia kwa ukali wake, haikumruhusu askari yeyote wa kaunta kuperuzi simu ya mtu. Inataka amri itoke kwa mkuu wa kituo au mwenye cheo kinachofanana na hicho, baada ya kujiridhisha kwamba kuna sababu. Je, amri hiyo uliitoa wewe? Kama uliitoa, tunaomba kuiona. Kama hukuitoa, basi usiku ule mtu alifanya kwenye kaunta yako kazi ambayo ni wewe peke yako uliyepewa.

Na mnapoifungua simu bila utaratibu mnaiharibu. Simu iliyowashwa hewani inaendelea kupokea, ujumbe mpya unakuja, mwingine uliowekewa muda unajifuta, faili likifunguliwa tarehe zake zinaweza kubadilika. Ndiyo maana wataalamu wa ushahidi wa kidijitali huitenga kwanza na mtandao, na kadi hufungwa kwa kale kakitufe ka pembeni kasikoruhusu kuandika, kisha hunakiliwa, na kinachosomwa ni nakala. Kwenye kaunta, simu ikipita mkono hadi mkono, hakuna hata kimoja kilichofanyika.

Lakini kilichotuuma zaidi siyo vifaa. Kwenye simu ile kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mvuvi aliyemweleza mwandishi wetu, kwa sharti la kutotajwa, kwamba baadhi ya nyavu zinazokamatwa kwenye operesheni zinarudi sokoni. Hatukuwa tumeirusha habari hiyo. Ilikuwa bado inachunguzwa, tulikuwa tumesikia upande mmoja tu. Jumamosi saa 3 asubuhi, mwandishi wetu bado yuko mahabusu, mvuvi yule alipigiwa simu na namba asiyoijua. Aliyepiga alimtaja kwa jina, akamuuliza, “Wewe ndiye unayepeleka maneno redioni?” Akakata. Tangu siku ile mvuvi halali kwake. Mtumbwi wake uko mchangani umegeuzwa kifudifudi, na siku za giza zinakwisha bila yeye kuingia majini.

Hatumjui aliyepiga. Tunachojua ni kwamba hadi Ijumaa jioni waliojua jina lile walikuwa wawili: mwandishi na mhariri wake, yaani mimi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inatupa wajibu na inatupa haki pia, na maadili ya kazi yetu yanatukataza kumtaja mtoa habari aliyeomba asitajwe. Mwandishi wetu hakumtaja. Alinyang’anywa simu, na simu ikamtaja. Kama haki ya kulinda chanzo inaweza kuzungukwa kwa kumtisha mama anayenyonyesha ili atoe tarakimu sita, basi haipo, na Ibara ya 18 ya Katiba inayompa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari haimfikii mvuvi wa kwetu.

Tunachokuomba, Mkuu, tumekiandika kwenye barua ya Jumanne, na tunakirudia bila kuongeza. Rudisheni simu na kadi. Kama mnaona ni vielelezo vya kesi, basi andikeni hati ya ukamataji leo, kwa tarehe ya leo na siyo ya Ijumaa, ikieleza kwa nini haikuandikwa wakati ule, na jalada lipelekwe kwa waendesha mashtaka waamue kama kuna kesi. Daftari msiliguse. Msifute wala kuongeza mstari kwenye ukurasa wa Ijumaa; kama kuna maelezo ya zile saa saba, yaandikwe upya, pembeni, na askari aliyekuwa na gari asaini. Tunaomba kujua ni nani aliyekabidhiwa simu kuanzia saa 11:30 jioni hadi asubuhi. Na tunaomba ulinzi wa yule mvuvi, jambo ambalo tunaona uzito kuliomba kwenye kituo kile kile, lakini ndicho kituo alicho nacho, hana kingine karibu.

Nakala ya malalamiko imekwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tungependa zaidi yamalizike mezani kwako. Mwaka juzi, boti ya watu wanane ilipopotea usiku wa upepo, ni askari wako waliotuomba tutangaze, na ni huyu huyu mwandishi wetu aliyekaa studio hadi alfajiri akisoma namba yenu ya simu kila nusu saa. Saba walipatikana hai. Uhusiano huo hatujausahau, na ndio unaotufanya tukuandikie wewe kwanza badala ya kwenda moja kwa moja mahakamani.

Jumatatu saa 2 asubuhi mwandishi wetu atafika kuripoti kama dhamana inavyotaka. Nitakuwa naye, pamoja na wakili. Atakuja na boksi la simu yake lenye namba ya IMEI, risiti ya duka alikonunua kadi, na kalamu ya kusainia. Tunaomba aliyevipokea vifaa vyake usiku wa Ijumaa awepo kaunta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhariri Mkuu,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa redio